Ketoasidosisi ya Kisukari: Kwa Nini Potasiamu Husimama Kati ya Maji na Insulini

Katika mitihani ya utabibu na uuguzi, swali la ketoasidosisi ya kisukari hurudi mara kwa mara, na watahiniwa wengi hulijibu kwa kutaja dawa zote zinazohitajika: maji, insulini, potasiamu. Majina huwa sahihi. Kinachowapotezea alama ni mpangilio. Mtahini anataka kujua nini kinaanza, nini kinasubiri, na kinasubiri mpaka lini. Makala haya yanafuata mgonjwa mmoja wa swali, aliyebuniwa kwa ajili ya somo, kutoka ufukwe wa Ziwa Nyasa hadi wodi ya hospitali mjini Mbinga. Mgonjwa na ndugu zake wanaosoma wanaweza kufuata njia hiyo hiyo, kwa kuwa sehemu ya kwanza ya safari imo mikononi mwao.

Swali

Msichana wa miaka 19, mwenye uzito wa kilo 50, analetwa katika kituo cha afya kilichopo ufukweni karibu na Mbamba Bay saa mbili usiku. Ana kisukari tangu akiwa na miaka 14 na hutumia insulini. Insulini yake iliisha siku tano zilizopita. Siku mbili hizi ametapika, tumbo linamuuma, na amekuwa akinywa maji na kukojoa bila kikomo. Asubuhi alipewa dawa ya malaria bila kupimwa. Sasa amesinzia lakini anaitika anapoitwa. Shinikizo la damu ni 84/50, mapigo ya moyo 128 kwa dakika, anapumua mara 34 kwa dakika, kwa kina, kama mtu aliyemaliza kupanda mlima. Joto la mwili ni nyuzi 36.4. Kipima sukari kinaandika HI. Mkojo una ketoni alama tatu. Kipimo cha haraka cha malaria hakionyeshi vimelea. Eleza matibabu kwa kufuata umuhimu wake.

Kabla ya kujibu, tazama jinsi swali lenyewe linavyotega. Kutapika na kuumwa tumbo, katika eneo lenye malaria nyingi kama pwani ya Nyasa, humvuta mtu kuwaza malaria au homa ya matumbo. Kupumua kwa kasi humvuta kuwaza nimonia. Lakini mgonjwa wa nimonia hupumua kwa pumzi fupi fupi, na mara nyingi ana homa na kikohozi. Huyu anavuta pumzi ndefu za kina, kifua kikiwa safi, kwa sababu mwili unajaribu kuitoa asidi kwa njia ya mapafu. Pumzi yake hunukia kama tunda lililoiva kupita kiasi, na si mara moja mtu wa namna hii amedhaniwa kuwa amelewa ulanzi. Neno HI kwenye kipima sukari si hitilafu ya mashine. Katika vipima sukari vilivyo vingi lina maana kuwa sukari imepita milimoli 33.3 kwa lita, yaani miligramu 600 kwa desilita, na mashine haiwezi kuhesabu zaidi.

Kwa hiyo utambuzi unasimama juu ya nguzo tatu: sukari iliyopanda, ketoni, na asidi katika damu. Nguzo ya tatu haipimwi katika kituo cha afya, lakini pumzi ile ya kina inaishuhudia vya kutosha kuanza kazi.

Hatua ya kwanza ni maji

Sukari iliyojaa katika damu humwagika kwenye mkojo na kuvuta maji pamoja nayo. Mtu mzima aliyefikia hali hii amepoteza takribani mililita 100 za maji kwa kila kilo ya uzito wake. Kwa msichana wetu hizo ni lita tano. Kinachotishia kumuua katika saa ya kwanza ni ukosefu huo wa maji, kwani shinikizo la 84 linamaanisha kuwa figo, ubongo na moyo havipati damu ya kutosha. Sukari yenyewe si adui wa saa hiyo.

Basi muuguzi anahakikisha kwanza kuwa njia ya hewa ipo wazi, anamlaza kwa ubavu ili matapishi yasiingie mapafuni, kisha anaingiza kanula nene, na ikiwezekana mbili. Anaanza na maji ya chumvi ya asilimia 0.9. Kwa kuwa shinikizo lipo chini ya 90, anatoa mililita 500 kwa dakika kumi na tano, dripu ikiwa imefunguliwa yote, kisha anapima tena. Katika swali letu shinikizo linapanda hadi 92. Anatoa mililita 500 nyingine kwa dakika arobaini na tano. Saa tatu usiku shinikizo ni 98/60 na mapigo 116. Kama maji ya chumvi hayapo, maji ya Ringa laktati yanafaa. Maji ya dekstrosi hayafai katika hatua hii, hata kama ndiyo pekee yanayoonekana kabatini kwa haraka.

Mtoto hatibiwi hivi. Kwake maji huanza kwa mililita 10 hadi 20 kwa kilo katika dakika thelathini hadi sitini, na yanayofuata huenda polepole zaidi, kwa kuwa ubongo wa mtoto unaweza kuvimba wakati wa matibabu. Mtahini akiandika umri wa miaka minane, hesabu yote ya makala haya inabadilika. Msomaji asiihamishe.

Sasa linakuja jambo linalobishaniwa katika zamu nyingi. Kichupa cha insulini kipo kwenye jokofu, sukari haisomeki kwa wingi wake, gari la wagonjwa linawashwa. Je, muuguzi amchome insulini kabla ya kuondoka? Mwanafunzi mwenye bidii husema ndiyo. Kwa mgonjwa huyu, jibu la mwandishi wa makala haya ni hapana. Kutoka Mbamba Bay hadi Mbinga ni barabara ya lami ya kilomita zipatazo 66, inayopanda kutoka ziwani hadi milima ya Wamatengo, safari ya saa moja na nusu hivi. Maji peke yake yatashusha sukari kwa kiasi katika muda huo, kwa kuyeyusha wingi wake katika damu na kuzirudishia figo nguvu ya kuitoa. Insulini ikichelewa saa moja au mbili haileti madhara ambayo maji hayawezi kuyashikilia. Insulini ikiwahi kabla ya potasiamu kujulikana inaweza kuua. Anaondoka na lita nyingine ikiendelea kwa mililita 500 kwa saa, na barua ya rufaa inayotaja kiasi cha maji alichopewa, saa kilipoanza, na kama amekojoa. Barua isiyotaja maji humlazimu daktari wa Mbinga kukisia.

Kwa nini potasiamu hudanganya

Potasiamu iliyo nyingi mwilini hukaa ndani ya seli. Iliyomo katika damu ni sehemu ndogo sana, na ndiyo tunayoipima. Insulini ni mmoja wa walinzi wanaoishikilia potasiamu ndani ya seli. Inapokosekana, na asidi inapoongezeka, potasiamu hutoka selini na kuingia katika damu. Kutoka hapo huondoka na mkojo ule mwingi, na nyingine hupotea kwa kutapika. Siku tano za hali hiyo humwacha mgonjwa akiwa amepoteza milimoli tatu hadi tano kwa kila kilo, yaani milimoli 150 hadi 250 kwa msichana wa kilo 50.

Hata hivyo ukiipima damu yake unaweza kukuta namba ya kawaida, au hata ya juu, kwa kuwa ghala linamwagikia sebuleni. Daktari anayeona 4.8 akatosheka anatazama sebule na kusahau kuwa ghala ni tupu. Na mgonjwa anayefika akiwa tayari na namba ya chini amefilisika kweli kweli, maana hata mmwagiko huo haukutosha kuijaza damu.

Insulini inapoingia hurudisha potasiamu ndani ya seli kwa haraka. Damu iliyokuwa na 4.8 inaweza kufika 3 katika saa chache. Iliyokuwa na 2.9 inaweza kushuka kiasi cha moyo kupoteza mdundo wake na misuli ya kupumua kulegea. Mgonjwa hufa huku sukari yake ikishuka vizuri, na wanaomhudumia hubaki wakishangaa kwa kuwa kipima sukari kilikuwa kikiwapa habari njema.

Ndiyo maana potasiamu husimama kati ya maji na insulini. Kanuni ya mtihani ina milango mitatu. Potasiamu ikiwa chini ya 3.5, insulini inasubiri na potasiamu inatolewa kwanza. Vitabu vya zamani kidogo huandika 3.3, nawe hutakosolewa kwa kufuata kimojawapo ukieleza sababu. Ikiwa kati ya 3.5 na 5.0, insulini inaanza na potasiamu inaongezwa katika kila lita ya maji. Ikiwa juu ya 5.0, insulini inaanza bila potasiamu, na damu inapimwa tena baada ya saa mbili kwa kuwa itashuka. Juu ya milango yote ipo sharti moja: mgonjwa awe anakojoa. Figo zisizotoa mkojo hazina pa kuipeleka potasiamu ya ziada.

Mbinga, saa nne na nusu usiku

Msichana anafika akiwa amepokea lita moja na robo tatu. Shinikizo ni 104/66, mapigo 110. Amewekewa mpira wa mkojo na umetoa mililita 200. Majibu ya maabara yanarudi saa tano: sukari 27, sodiamu 131, bikaboneti 8, kreatinini 118, potasiamu 2.9.

Hapa ndipo penye swali lenyewe. Mtahiniwa aliyekariri kuwa ketoasidosisi hutibiwa kwa insulini ataandika insulini na kuanguka. Anayestahili alama ataandika kuwa insulini inasubiri.

Ampuli ya kloridi ya potasiamu inayotumika sana nchini ni ya mililita 10 yenye nguvu ya asilimia 15, nayo ina milimoli 20. Soma lebo kila mara, kwani zipo za nguvu nyingine. Daktari anaagiza ampuli mbili katika lita moja ya maji ya chumvi, yaani milimoli 40, iende kwa mililita 500 kwa saa. Kwa hesabu hiyo mgonjwa anapata milimoli 20 kwa saa, ambacho ndicho kikomo cha kawaida kwa mshipa wa mkononi, huku kipimo cha umeme wa moyo kikiwa kando yake. Potasiamu haisukumwi moja kwa moja kwenye mshipa kwa bomba la sindano, kamwe, kwa kuwa moyo husimama. Na baada ya kuiingiza kwenye chupa, chupa igeuzwe juu chini mara kadhaa kabla ya kutundikwa. Potasiamu ni nzito kuliko maji yanayoizunguka. Ukiichoma kwenye chupa iliyokwisha kutundikwa huzama karibu na mdomo, na mgonjwa hupokea karibu dozi yote katika dakika za mwanzo. Kosa hili halionekani kwa macho, kwa sababu vyote viwili ni vyeupe kama maji.

Saa saba usiku potasiamu ni 3.3. Bado. Anaendelea saa moja zaidi kwa kasi ile ile. Saa nane ni 3.6, na sukari imeshuka hadi 23 bila tone la insulini. Mlango umefunguka.

Mahali pasipo na maabara ya usiku, mpangilio haufutwi. Kipimo cha umeme wa moyo husaidia: wimbi la T lililolala, lenye wimbi la U nyuma yake, huashiria upungufu, wimbi la T refu lenye ncha kali, na mchoro unaopanuka, huashiria wingi. Kama hata hicho hakipo, mgonjwa hupewa maji kwanza, na akishakojoa insulini na potasiamu huanza pamoja, potasiamu ikiwa milimoli 20 hadi 40 katika lita, huku rufaa ikitafutwa. Mgonjwa aliye macho na asiyetapika anaweza kunywa maji ya chumvichumvi ya pakiti, ambayo lita yake moja ina milimoli 20 za potasiamu, na kula ndizi au kunywa maji ya dafu. Hiyo ni njia ya mahali pasipo na dripu, na inapaswa kuandikwa hivyo katika jibu.

Insulini bila pampu

Insulini inayoingia katika mshipa ni ile iliyo angavu, ya kazi fupi. Ile yenye ukungu mweupe ni ya chini ya ngozi tu. Dozi ni yuniti 0.1 kwa kilo kwa saa, yaani yuniti tano kwa msichana huyu. Hospitali nyingi hazina pampu ya kutosha kila mgonjwa, kwa hiyo inafaa kuijua hesabu ya dripu. Yuniti 50 huchanganywa katika mililita 500 za maji ya chumvi, na kila mililita inakuwa na yuniti 0.1. Yuniti tano ni mililita 50 kwa saa. Kwa mrija wa matone 20 kwa mililita, hayo ni matone 17 kwa dakika. Kwanza mililita 50 za mchanganyiko humwagwa kupitia mrija, kwa sababu insulini hung'ang'ania plastiki, na usipofanya hivyo mgonjwa hupokea karibu maji matupu katika saa ya kwanza. Dripu hii iwe na kanula yake, mbali na ile ya potasiamu, ili kasi ya moja iweze kubadilishwa bila kugusa nyingine.

Njia ya pili ni sindano ya msuli kila saa, yuniti tano. Wengine huiona kama njia ya maskini. Haikuwa hivyo ilipoanza. Kabla ya miaka ya 1970 madaktari walitoa insulini kwa makumi na mamia ya yuniti, na kuanguka kwa sukari na potasiamu kulikuwa jambo la kawaida. Mwaka 1973 George Alberti na wenzake, huko Uingereza, walichapisha matokeo ya wagonjwa waliotibiwa kwa dozi ndogo za msuli kila saa, na matibabu ya dunia nzima yakageukia dozi ndogo. Alberti huyo huyo baadaye alishirikiana na madaktari wa Muhimbili, akiwamo Donald McLarty, katika uchunguzi wa kisukari vijijini Tanzania uliochapishwa mwaka 1989. Sindano ya msuli ina sharti moja: isitumike mgonjwa akiwa bado katika mshituko wa kukosa maji, kwani msuli usiopata damu huihifadhi dawa na kuiachia yote kwa pamoja baadaye. Hapa tena maji yanatangulia.

Tangu saa nane, msichana anapata yuniti tano kwa saa. Maji yanapunguzwa hadi mililita 250 kwa saa, yakiwa na milimoli 40 za potasiamu katika lita, sawa na milimoli 10 kwa saa. Sukari inapimwa kila saa na potasiamu kila saa mbili. Sukari inatarajiwa kushuka kwa milimoli tatu hivi kwa saa. Isiposhuka, kabla ya kuongeza dozi, tazama kwanza kanula kama imetoka kwenye mshipa, mrija kama umefungwa, na kichupa kama kilikaa juani.

Sukari inapokuwa nzuri na ugonjwa haujaisha

Saa kumi na moja alfajiri sukari ni 13.5, potasiamu 3.7. Muuguzi wa zamu anafurahi na kufunga insulini. Hili ndilo kosa la pili linalopendwa na watahini, na nadhani ndilo linalotokea zaidi wodini, kwa sababu linafanana na uangalifu.

Insulini ilitolewa ili kuzuia utengenezaji wa ketoni. Kushuka kwa sukari ni kazi yake ya pembeni, nayo humalizika mapema. Asidi huchukua muda mrefu zaidi. Ukifunga insulini sasa, ini litaanza tena kutengeneza ketoni, na ifikapo saa tatu asubuhi mgonjwa atakuwa anapumua kama alivyopumua ufukweni. Kinachofanyika ni kuongeza dekstrosi ya asilimia 5 katika maji yake, na kupunguza insulini hadi yuniti 0.05 kwa kilo kwa saa. Kwake ni yuniti mbili na nusu, mililita 25 za ule mchanganyiko, matone manane kwa dakika. Dekstrosi inailisha insulini ili iweze kuendelea na kazi. Potasiamu nayo inaendelea.

Utajuaje kuwa asidi inaondoka? Bikaboneti hupanda. Pumzi hupungua kasi na kina. Mgonjwa huamka na kuomba chakula. Kipimo cha ketoni katika damu ndicho bora, pale kilipo, nacho kishuke kwa nusu milimoli kwa saa. Ketoni za mkojo zisikutishe. Karatasi ya mkojo huona aina moja tu ya ketoni, na ile iliyo nyingi zaidi haioni. Mgonjwa anapopona, ile isiyoonekana hugeuka kuwa inayoonekana, hivyo karatasi inaweza kuwa na rangi nzito zaidi wakati mwenyewe anakunywa uji.

Bikaboneti ya dripu haitolewi kwa mazoea. Inafikiriwa tu asidi inapokuwa kali mno, pH chini ya 7.0, na hata hapo ikumbukwe kuwa nayo huisukuma potasiamu ndani ya seli. Kwa mgonjwa aliyefika na 2.9, kumpa bikaboneti kwa sababu maabara imeandika 8 kungekuwa kumrudisha ukingoni.

Saa nane mchana bikaboneti ni 19, potasiamu 4.1, sukari 11. Msichana amekula ugali mdogo na mchuzi wa usipa bila kutapika. Sasa anachomwa insulini yake ya kazi ndefu chini ya ngozi, na dripu ya insulini inaachwa iendelee saa moja hadi mbili zaidi. Insulini ya mshipani huisha nguvu ndani ya dakika chache, na ile ya chini ya ngozi huchukua saa kuanza. Anayefunga dripu kwanza na kuchoma baadaye anaacha pengo, na ketoni huingia katika pengo hilo.

Swali ambalo karatasi ya mtihani haikuuliza

Kwa nini insulini iliisha? Utafiti wa Muhimbili uliofuatilia wagonjwa wa kisukari wa Dar es Salaam kati ya mwaka 1981 na 1987 ulionyesha kuwa ketoasidosisi ilikuwa miongoni mwa sababu kuu za vifo kwa wanaotegemea insulini. Mgonjwa asiruhusiwe kuondoka kabla ya kuulizwa anaipata wapi insulini, nauli yake ni kiasi gani, kichupa hukitunza wapi, na ni nani nyumbani anayejua kuchoma.

Kwa mgonjwa mwenyewe na wanaomtunza, yapo mambo mawili. La kwanza: siku unapoumwa, hata kama huwezi kula, insulini ya kazi ndefu haiachwi. Wengi huiacha kwa nia njema, wakihofia sukari kushuka kwa kuwa hawajala, lakini ugonjwa wenyewe hupandisha sukari, na mwili usio na insulini huanza kutengeneza asidi hata tumbo likiwa tupu. Kunywa maji mara kwa mara, pima sukari kila saa chache kama una kipimo, na ukitapika mfululizo, ukiumwa tumbo au pumzi ikiwa nzito, nenda kituoni usiku huo huo na useme mapema, kabla ya kueleza homa na tumbo, kwamba una kisukari na insulini imekatika.

La pili ni joto la ufukweni. Kichupa kinachotumika hudumu takribani wiki nne katika joto la kawaida la chumba, lisilozidi nyuzi 25 hadi 30 kadiri lebo inavyoelekeza, na miezi ya joto kule chini ziwani huweza kupita hapo. Pasipo na jokofu, chukua chungu kikubwa cha udongo na kingine kidogo ndani yake, jaza mchanga kati yao, umwagie mchanga maji asubuhi na jioni, weka kichupa ndani ya chungu kidogo kikiwa katika mfuko mkavu, ufunike kwa kitambaa kibichi, na kiache kivulini penye upepo. Insulini angavu iliyobadilika rangi au kuwa na chembe itupwe. Ile ya ukungu ambayo, baada ya kuviringishwa taratibu viganjani, bado ina mabonge, itupwe vilevile. Kichupa kilichosahauliwa ndani ya mtumbwi mchana kutwa kinaweza kuonekana kizima kabisa na kisifanye kazi. Kama sukari inabaki juu siku mbili mfululizo ilhali unachoma dozi yako ile ile, badili kichupa kabla ya kubadili dozi.